Kunyambua sin x kutoka kanuni za awali: hatua kwa hatua, na pale watu wanapoteleza

Kila anayesoma kalkulasi hukariri mapema kwamba kinyambuo cha sin x ni cos x. Lakini swali likija na maneno "onyesha kutoka kanuni za awali", wengi huandika mstari wa kwanza vizuri, wa pili vizuri, kisha wakifika kwenye sin h gawanya kwa h wanaandika "= 1" na kuendelea na safari. Kazi yenyewe iko hapo hapo waliporuka. Aljebra ya swali hili ni mistari michache tu. Mzigo umebebwa na vikomo viwili, navyo vyote viwili vinasimama juu ya mchoro mmoja wa duara. Ukiuelewa mchoro huo, mengine yanafuata bila kukariri.

Kabla ya kuanza, weka kikokotoo chako kwenye radiani, si digrii. Sababu utaiona baadaye, na si jambo la mazoea tu. Kipimo cha haraka: bonyeza sin 0.1. Ukipata 0.0998 uko kwenye radiani, ukipata 0.001745 bado uko kwenye digrii.

Hatua ya 1: Andika maana ya kinyambuo

Kinyambuo cha f mahali x ni mteremko wa grafu mahali hapo, na tunaupata hivi:

```
f'(x) = lim (h→0) [ f(x + h) − f(x) ] / h
```

Sehemu iliyo ndani ni mteremko wa mstari ulionyooka unaopita kwenye nukta mbili za grafu: moja iko x, nyingine iko x + h. Tunaisogeza nukta ya pili karibu na ya kwanza na kuangalia mteremko unaelekea namba gani. Mambo mawili yashike hapa kwa sababu yatatumika mpaka mwisho. Kwanza, h haiwi sifuri hata mara moja. Inakaribia tu, kutoka kulia au kutoka kushoto. Pili, x imetulia. Katika zoezi hili zima kinachotembea ni h peke yake, kwa hiyo sin x na cos x ni namba zisizobadilika kama vile 5 au −2.

Weka f(x) = sin x:

```
[ sin(x + h) − sin x ] / h
```

Ukijaribu kuweka h = 0 moja kwa moja unapata sifuri juu na sifuri chini. 0/0 haimaanishi jibu ni sifuri, wala haimaanishi ni 1. Inamaanisha tu kwamba sehemu hiyo, ilivyoandikwa sasa, bado haijasema kitu.

Hatua ya 2: Ifungue sin(x + h)

Tumia kanuni ya kujumlisha pembe:

```
sin(x + h) = sin x cos h + cos x sin h
```

Kosa la kawaida ni kuandika sin(x + h) = sin x + sin h, kana kwamba sin ni kizidishi kinachoingia ndani ya mabano. Lijaribu kwa digrii 30 na 60: sini ya 90 ni 1, lakini sini ya 30 ukijumlisha sini ya 60 ni 0.5 + 0.866, yaani 1.366, na sini ya pembe yoyote haiwezi kuzidi 1. Kosa hili lina dalili yake hata mwishoni mwa kazi. Aliyelifanya atabakiwa na sin h / h peke yake, na atahitimisha kwamba mteremko ni 1 kila mahali. Grafu ya sini inapanda, inafika kileleni na kushuka, kwa hiyo mteremko wake hauwezi kuwa namba moja tu. Ukiona x imetoweka kwenye jibu lako, rudi kwenye mstari huu.

Hatua ya 3: Panga upya

Baada ya kufungua, kiasi, yaani sehemu ya juu, kina vipande vitatu:

```
[ sin x cos h + cos x sin h − sin x ] / h
```

Viwili kati ya hivyo vina sin x. Viweke pamoja, kisha toa sin x nje ya mabano:

```
[ sin x (cos h − 1) + cos x sin h ] / h
```

Gawanya kila kipande kwa h:

```
sin x · (cos h − 1)/h  +  cos x · (sin h)/h
```

Angalia alama ndani ya mabano: ni cos h − 1, si 1 − cos h. Ukitaka kuandika 1 − cos h, lazima utoe alama ya hasi mbele. Katika swali hili kosa hilo halionekani, kwa kuwa kikomo chake ni sifuri na sifuri haina hasi wala chanya. Ndiyo maana watu hulizoea, kisha likawaangusha kwenye maswali mengine ambako kikomo si sifuri.

Sasa kila kilicho na x kimekaa nje na kila kilicho na h kimekaa ndani ya sehemu mbili ndogo. Zimebaki sehemu hizo mbili, na zote mbili zinatoa 0/0 ukiweka h = 0. Tunaanza na ile ya sin h kwa sababu ile ya cos h itaitegemea.

Hatua ya 4: Kikomo cha kwanza, sin h / h

Chora duara lenye kitovu O na nusu kipenyo 1. Weka nukta A upande wa kulia kabisa, mahali (1, 0). Kutoka A panda kwenye mzingo, kinyume cha mishale ya saa, kwa pembe h, mpaka nukta P. Kwa kuwa nusu kipenyo ni 1, P iko mahali (cos h, sin h). Sasa simamisha mstari wima kutoka A kwenda juu, na urefushe mstari OP mpaka ukutane na huo mstari wima. Wanapokutana paite T. Urefu wa AT ni tan h, maana kwenye pembetatu OAT upande unaotazamana na pembe h ni AT, na upande wa kando ni OA wenye urefu 1.

Chora kwa pembe kubwa kiasi, kama radiani 0.7, ambayo ni digrii 40 hivi. Ukichora pembe ndogo sana mistari italaliana na hutaona kitu.

Kwenye mchoro huo kuna maumbo matatu, moja ndani ya jingine. Dogo kabisa ni pembetatu OAP, ukiunganisha A na P kwa mstari ulionyooka. La kati ni sekta OAP, yaani kipande cha duara kilichofungwa na OA, OP na tao AP. Hili ni kubwa kuliko pembetatu kwa sababu tao limetokeza nje ya mstari AP. Kubwa kabisa ni pembetatu OAT, ambayo inaimeza sekta yote na kubakiza kijisehemu nje ya tao. Tafuta eneo la kila moja.

Pembetatu OAP ina kitako OA = 1, na kimo chake ni kimo cha P kutoka chini, yaani sin h. Eneo lake ni ½ sin h. Pembetatu OAT ina kitako 1 na kimo tan h, kwa hiyo eneo lake ni ½ tan h. Sekta inahitaji neno moja zaidi. Duara zima lenye nusu kipenyo 1 lina eneo π na pembe nzima ya radiani 2π. Sekta ya pembe h ni sehemu h/2π ya duara, kwa hiyo eneo lake ni π × h/2π, yaani ½h. Hapa ndipo radiani zinapoingia kazini: ungepima h kwa digrii, eneo la sekta lingekuwa πh/360, na mistari yote inayofuata ingebeba kizidishi hicho.

Kwa kuwa dogo limo ndani ya la kati na la kati limo ndani ya kubwa:

```
½ sin h < ½ h < ½ tan h          (0 < h < π/2)
```

Kwa h = 0.7 maeneo hayo ni 0.322, 0.350 na 0.421, kwa mpangilio huo huo. Sasa zidisha kote kwa 2, kisha gawanya kote kwa sin h. Sin h ni chanya kwenye eneo hili, kwa hiyo alama za < hazigeuki:

```
1 < h / sin h < 1 / cos h
```

Pindua kila kimoja, juu kiwe chini. Namba chanya zikipinduliwa mpangilio unageuka, iliyokuwa ndogo inakuwa kubwa:

```
cos h < (sin h)/h < 1
```

Hili ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Sin h / h imebanwa katikati: upande mmoja kuna 1 ambayo haisogei, upande mwingine kuna cos h. Kwa h = 0.7 nafasi ni pana: 0.765, kisha 0.920, kisha 1. Kwa h = 0.1 imeshakuwa finyu: 0.9950, kisha 0.9983, kisha 1. Ikiwa cos h inakwenda kwenye 1, basi kilicho katikati hakina pa kwenda isipokuwa 1.

Je, tuna uhakika kwamba cos h inakwenda kwenye 1? Kwenye mchoro inaonekana, P ikiteremka kuifuata A. Ukitaka ithibati, iko tayari mikononi mwako: tumeshaona 0 < sin h < h, kwa hiyo h ikielekea 0, sin h nayo inaelekea 0. Na cos h ni kipeuo cha pili cha 1 − sin²h, kwa hiyo inaelekea kipeuo cha 1, ambacho ni 1.

Limebaki jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Mchoro ulikuwa wa h chanya tu, na kikomo kinataka h itoke pande zote mbili. Sini hugeuza alama pembe ikigeuzwa alama: sin(−h) = −sin h. Kwa hiyo sin(−h)/(−h) ni ile ile sin h / h, hasi mbili zimefutana. Kilichotokea kulia kinatokea kushoto pia, na tunaweza kuandika:

```
lim (h→0) (sin h)/h = 1
```

Hapa kuna mtego ambao hata wanafunzi wazuri huingia. Mtu anaiona 0/0, anakumbuka kanuni ya L'Hôpital, ananyambua juu na chini, anapata cos h / 1, anaweka h = 0, anapata 1. Jibu ni sahihi, lakini hoja imejizunguka yenyewe: ili kunyambua sin h amelazimika kujua kwamba kinyambuo chake ni cos h, na hilo ndilo tunalojaribu kulionyesha. Ni sawa na mtu kujitolea ushahidi kwa maneno yake mwenyewe. Msahihishaji makini hatakupa alama hapo, na ana haki.

Je, mchoro wetu nao haujizunguki? Tulitumia eneo la duara. Uhusiano wa eneo la duara na mzingo wake haukusubiri kalkulasi: Arkimede, karne ya 3 KK, alionyesha kwamba eneo la duara ni sawa na eneo la pembetatu yenye kimo sawa na nusu kipenyo na kitako sawa na mzingo, akitumia poligoni zilizochorwa ndani na nje ya duara. Kanuni ya kujumlisha pembe nayo hutokana na jiometri. Hakuna mahali kwenye njia hii palipohitaji kinyambuo cha sini.

Hatua ya 5: Kikomo cha pili, (cos h − 1)/h

Hiki hakihitaji mchoro mpya. Zidisha juu na chini kwa cos h + 1. Hakuna hatari ya kuzidisha kwa sifuri, maana h ikiwa karibu na 0, cos h + 1 iko karibu na 2.

```
(cos h − 1)/h = (cos h − 1)(cos h + 1) / [ h (cos h + 1) ]
              = (cos²h − 1) / [ h (cos h + 1) ]
              = −sin²h / [ h (cos h + 1) ]
```

Mstari wa mwisho unatokana na sin²h + cos²h = 1, kwa hiyo cos²h − 1 = −sin²h. Hasi hiyo ndiyo hupotea mara nyingi njiani. Sasa sin²h ni sin h mara sin h. Moja iweke juu ya h, nyingine juu ya cos h + 1:

```
= − (sin h)/h · sin h / (cos h + 1)
```

Sehemu ya kwanza tunaijua: inaelekea 1. Ya pili inaelekea 0/2, ambayo ni sifuri halali, kwa sababu chini si sifuri. Zao lake ni −1 × 0:

```
lim (h→0) (cos h − 1)/h = 0
```

Kuna njia ya mkato inayoonekana sana kwenye madaftari: "cos h inaelekea 1, kwa hiyo juu ni 1 − 1 = 0, na sifuri gawanya kwa h ni sifuri." Jibu lililotoka ni lile lile, ila sababu ni mbovu. Jaribu hoja hiyo hiyo kwenye kikomo cha kwanza: sin h inaelekea 0, sifuri gawanya kwa h ni sifuri, kwa hiyo sin h / h inaelekea 0. Tumeshaona kwamba si kweli. Huwezi kuipeleka h kwenye sifuri juu ukaiacha ikisubiri chini. H ni moja, inatembea sehemu zote kwa wakati mmoja. Kinachoamua ni nani anakimbilia sifuri haraka zaidi. Sin h inakwenda sambamba na h. Cos h − 1 inakwenda haraka zaidi: kwa h = 0.1 ni kama −0.005, na kwa h = 0.01 ni kama −0.00005. Umepunguza h mara 10, nayo imepungua mara 100. Ukiigawanya kwa h bado inabaki ndogo, na ndiyo maana kikomo chake ni 0.

Hatua ya 6: Unganisha

Rudi kwenye mstari wa mwisho wa hatua ya 3. Vikomo vyote viwili vipo, kwa hiyo tunaruhusiwa kukigawa kikomo cha jumla kuwa jumla ya vikomo. Ruhusa hii inatoka kwenye kuwapo kwa vyote viwili. Kikikosekana kimoja, huwezi kuvitenganisha. Ndiyo maana ni vizuri kuvithibitisha kwanza ndipo uviunganishe, hata kama mpangilio huo unaonekana kama kuzunguka.

```
f'(x) = sin x · 0 + cos x · 1
      = cos x
```

Kwenye uandishi, beba "lim" kwenye kila mstari mpaka pale unapoweka thamani za vikomo. Kuitupa mapema ni kusema kwamba sehemu yenye h ndani yake ni sawa na cos x, na hiyo kwa kawaida si kweli kwa h unayoweza kuishika. Kosa la kinyume ni kuiacha "lim" mbele ya cos x baada ya h kuisha. Haliharibu hesabu, ila linaonyesha kwamba mwandishi hajui kikomo kimeishia wapi.

Kagua kwa namba

Chukua x = π/3, yaani digrii 60. Cos yake ni 0.5, kwa hiyo mteremko unapaswa kukaribia 0.5. Sin ya π/3 ni 0.8660254. Hesabu sehemu ya hatua ya 1 kwa h tofauti:

```
h = 0.1      →  0.4559
h = 0.01     →  0.4957
h = 0.001    →  0.4996
h = −0.1     →  0.5424
```

Tazama kwa h = 0.1 vipande viwili vinavyotoa hiyo 0.4559. Cha kosini kimetoa 0.5 × 0.99833, yaani 0.4992, hicho kimeshafika karibu. Cha sini kimetoa 0.8660254 × (−0.04996), yaani −0.0433. Kwa hiyo karibu pungufu yote imeletwa na kipande cha (cos h − 1)/h, kile tulichosema kinakufa. Kila h ikipungua mara 10, pungufu hiyo nayo inapungua mara 10: 0.0441, 0.0043, 0.0004. Na kwa h hasi inageuka kuwa ziada, kama inavyotarajiwa, kwa sababu nukta ya pili imehamia upande wa kushoto ambako mlima bado ni mkali zaidi.

Usiende h ndogo kupita kiasi ukitumaini usahihi zaidi. Ukifanya kazi kwa desimali 10, sin ya π/3 ni 0.8660254038. Ongeza h = 0.0000000001 na thamani mpya, ikikadiriwa kwa desimali 10, ni ile ile 0.8660254038. Tofauti inatoka 0 na mteremko unatoka 0. Kikokotoo hakina nafasi ya kuhifadhi badiliko dogo hivyo, na jibu hilo halihusiani kabisa na kikomo.

Ukitumia digrii

Sasa ile ahadi ya mwanzo. Ikiwa kikokotoo kiko kwenye digrii na unaingiza 1.0471976 ukidhani ni π/3, kitakupa 0.0183 badala ya 0.8660, hapo utashtuka mara moja. Hatari zaidi ni yule anayeingiza 60 na h = 0.1 akiwa kwenye digrii. Sin ya 60 inatoka 0.8660 kama kawaida, kila kitu kinaonekana sawa, kisha mteremko unatoka 0.0087 badala ya 0.5. Si kosa la kubonyeza. Kwenye digrii sin h / h inaelekea π/180, ambayo ni 0.01745, na kinyambuo cha sin x ni (π/180) cos x. Zidisha 0.01745 kwa 0.5 unapata 0.0087. Ukikuta jibu lako ni dogo kuliko linalotarajiwa kwa takribani mara 57, usitafute kosa kwenye aljebra; tazama kona ya skrini ya kikokotoo. Radiani ndicho kipimo pekee ambacho kwacho kikomo cha kwanza ni 1 kamili, maana ndicho kipimo kinachoifanya pembe kuwa sawa na urefu wa tao kwenye duara la nusu kipenyo 1.

Swali la mazoezi: sin 3x

Njia ni ile ile, ila kuna mahali pawili papya pa kuteleza. La kwanza liko mstari wa kwanza kabisa. F(x + h) maana yake ni kuibadilisha x yote kwa x + h, kwa hiyo ni sin(3(x + h)), yaani sin(3x + 3h). Anayeandika sin(3x + h) atafanya kazi yote vizuri na kupata cos 3x, bila kujua kwamba 3 imemtoroka mwanzoni.

```
[ sin(3x + 3h) − sin 3x ] / h
  = sin 3x · (cos 3h − 1)/h  +  cos 3x · (sin 3h)/h
```

La pili ni kwenye sin 3h / h. Kikomo cha kwanza kinadai kilichomo ndani ya sini na kilichoko chini viwe kitu kimoja. Juu kuna 3h, chini kuna h. Hairuhusiwi kuitoa 3 nje ya sini; sin 3h si 3 sin h. Badala yake rekebisha chini kwa kuzidisha juu na chini kwa 3:

```
(sin 3h)/h = 3 · (sin 3h)/(3h)
```

Sasa h ikielekea 0, 3h nayo inaelekea 0, kwa hiyo sehemu ya kulia inaelekea 1 na yote inaelekea 3. Fanya vivyo hivyo kwa (cos 3h − 1)/h: inakuwa 3 mara kikomo cha pili, yaani 3 × 0 = 0. Jibu ni 3 cos 3x. Ukague mahali x = 0, ambako linasema mteremko ni 3: chukua h = 0.01, sin 0.03 ni 0.0299955, gawanya kwa 0.01 unapata 2.99955. Aliyeandika sin(3x + h) mwanzoni anatarajia 1 hapo, na namba hii inamrudisha mstari wa kwanza.